Rufaa ya dharura: kukataliwa kwa dawa ya trastuzumab kwa mgonjwa wa saratani ya titi

Dar es Salaam
Jumanne, 8 Aprili 2025

Kwa: Daktari Mshauri, Idara ya Huduma za Tiba

Ndugu Daktari Mshauri,

YAH: OMBI LA KUPITIA UPYA UAMUZI KUHUSU MWANACHAMA BI. R.S., MIAKA 46

Husika na kichwa cha habari hapo juu, na rejea barua yenu ya tarehe 4 Aprili 2025. Katika barua hiyo mmekubali kulipia dripu za kemo za mgonjwa wetu, lakini mmekataa dawa ya trastuzumab mkitoa sababu tatu: kwamba kipimo cha HER2 hakikuonyesha chanya, kwamba mgonjwa ana presha na dawa hii huathiri moyo, na kwamba dawa “si ya lazima kwa sasa” kwa kuwa uvimbe umeshatolewa wote. Mimi ndiye daktari bingwa wa saratani ninayemhudumia. Naomba uamuzi huo utenguliwe, na naomba jibu kabla ya mwisho wa saa za kazi Jumatano tarehe 16 Aprili, kwa sababu mzunguko wa kwanza wa kemo umepangwa Jumanne tarehe 22, mara baada ya Pasaka, na trastuzumab inatakiwa ianze siku hiyo hiyo.

Nianze na kipimo, maana hapo ndipo penye kiini cha jambo. Mlichokuwa nacho mezani mlipoamua ni majibu ya biopsi ya sindano ya mwezi Februari, ambayo yalisomeka HER2 2+. Mlikuwa sahihi kwamba 2+ si chanya. Lakini si hasi pia. Ni jibu la katikati, na taratibu za patholojia zinaelekeza kwamba likitoka hilo, sampuli ipelekwe kwenye kipimo cha jeni, yaani FISH, kabla daktari hajaamua lolote. Ndivyo tulivyofanya. Mgonjwa alifanyiwa upasuaji wa kuondoa titi la kushoto tarehe 3 Machi. Sampuli ilikaa kwenye fomalini saa 18, muda ulio ndani ya saa 6 hadi 72 zinazokubalika. Kisha ikapelekwa FISH. Maombi yetu yaliwafikia tarehe 24 Machi. Majibu ya FISH yalitoka tarehe 28. Kwa hiyo hamkuyaona, na sasa nayaambatanisha.

Yanasema hivi: wastani wa nakala za jeni ya HER2 kwa kila seli ni 11.2, wa sentromea ya kromosomu 17 ni 2.6, uwiano 4.3. Kipimo huhesabiwa chanya uwiano unapofika 2.0 huku nakala zikiwa 4 au zaidi. Huyu amevuka viwango vyote viwili kwa mbali. Hapa hatubishani juu ya jibu lililo mpakani. Mpatholojia yeyote mtakayempa slaidi hizo atasoma vilevile, na tuko tayari kuwakabidhi bloku ya sampuli mkitaka kuipima tena kwingine.

Majibu mengine ya upasuaji ni haya. Uvimbe ulikuwa na sentimita 2.8, daraja la 3. Tezi 14 zilitolewa kwapani, na 3 kati yake zilikuwa na saratani. Vipokezi vya homoni, estrojeni na projesteroni, vyote hasi. Picha za kifua na tumbo pamoja na skani ya mifupa hazikuonyesha kusambaa. Hii ni hatua ya II B.

Naomba mtulie kidogo kwenye hilo la vipokezi, kwa sababu barua yenu haikuligusa kabisa. Mgonjwa mwenye vipokezi vya homoni akimaliza kemo huendelea kukingwa na vidonge, kama vile tamoksifeni, kwa miaka mitano au zaidi. Bi. R.S. hana nafasi hiyo. Vidonge hivyo havina cha kushika kwenye saratani yake. Kilichopo cha kulenga ni HER2 peke yake, na dawa inayoilenga ndiyo mliyoikataa. Bila trastuzumab, siku dripu ya mwisho ya kemo itakapokauka hatakuwa na dawa nyingine yoyote ya kumkinga.

Sasa nije kwenye hoja yenu kwamba uvimbe umetolewa wote. Ni kweli, kingo za upasuaji ni safi. Lakini tezi tatu za kwapa zinatuambia kwamba seli zilishaanza safari kabla ya kisu, na hakuna skani inayoona seli moja moja kwenye ini au uboho. Hiyo ndiyo maana ya tiba ya baada ya upasuaji, na ndiyo maana hiyo hiyo iliyowafanya ninyi wenyewe mkubali kemo. Kama hakuna cha kutibu, kemo mmeikubali ya nini? Siandiki hivyo kwa kejeli. Nasema tu kwamba sababu moja haiwezi kukubali nusu ya mpango na kukataa nusu nyingine.

Ushahidi wa nusu hiyo nyingine si mchanga. Uchambuzi wa pamoja wa majaribio ya NSABP B-31 na N9831 uliwafuata wanawake wenye saratani ya HER2 chanya, wengi wao wakiwa na tezi zilizoathirika kama huyu. Baada ya miaka 10, waliopata kemo peke yake walikuwa hai asilimia 75.2, walioongezewa trastuzumab, asilimia 84. Wasiokuwa wamerudiwa na ugonjwa walikuwa asilimia 62.2 dhidi ya 73.7. Shirika la Afya Duniani liliiingiza dawa hii kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2015, na mwisho wa mwaka 2019 likaidhinisha toleo la kwanza la kufanana nayo ili bei ishuke. Tunachoomba ni toleo la kufanana, si lile la chapa ya asili.

Hoja ya moyo ndiyo nzito kuliko zote tatu, na naiheshimu. Trastuzumab inaweza kudhoofisha moyo, na mgonjwa ana presha tangu mwaka 2021. Ndiyo sababu sikuandika mpango uliozoeleka wenye dawa ya kundi la antrasaiklini, ambayo nayo huumiza moyo, na mara nyingi jeraha lake halirudi nyuma. Niliandika docetaxel na carboplatin, mizunguko sita, pamoja na trastuzumab. Mpango huu ulipimwa kwenye jaribio la BCIRG 006, lenye wanawake 3,222, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2011. Baada ya miaka mitano, waliokuwa hai bila ugonjwa kurudi walikuwa asilimia 75 kwa waliopata kemo yenye antrasaiklini bila trastuzumab, 84 kwa walioipata kemo hiyo pamoja na trastuzumab, na 81 kwa mpango ninaouomba. Waliopata moyo kushindwa kufanya kazi walikuwa asilimia 0.7, 2.0 na 0.4 kwa mfuatano huo huo. Mnaona wenyewe: mpango huu, wenye trastuzumab ndani yake, uliumiza moyo kwa kiwango kisichozidi kile cha kemo ya kawaida isiyo nayo. Nimekubali kupoteza kidogo upande wa saratani ili nilinde moyo, na nilifanya hivyo kabla barua yenu haijaja.

Presha yake kwa amlodipini miligramu 5 ilikuwa 128 kwa 80 kwenye kliniki ya wiki iliyopita. Eko ya moyo ya tarehe 1 Aprili inaonyesha chemba ya kushoto inasukuma asilimia 61 ya damu kwa kila pigo. Daktari wa moyo amemwona na ameridhia. Maoni yake yameambatanishwa. Eko itarudiwa kila miezi mitatu. Kiwango kikishuka kwa pointi 10 au zaidi na kufika chini ya asilimia 50, dawa itasimama na mgonjwa atarudi kwa daktari wa moyo, na nyinyi mtapata nakala ya eko hiyo kabla ya kuombwa dozi nyingine. Mkitaka, liandikeni sharti hilo kwenye kibali chenyewe. Sina pingamizi.

Kuhusu gharama, barua yenu haikuitaja, ila sote tunajua ipo. Mgonjwa ana kilo 68. Dozi ya kwanza ni miligramu 8 kwa kilo, yaani 544. Zinazofuata ni miligramu 6 kwa kilo, yaani 408, kila baada ya wiki tatu hadi zitimie dozi 18. Kichupa kimoja cha miligramu 440 kinatosha kila dozi, isipokuwa ya kwanza inayohitaji kichupa kidogo cha 150 cha nyongeza. Kwa bei ya famasi yetu hiyo ni shilingi 26,620,000 kwa mwaka mzima, na baada ya hapo inaisha. Saratani hii ikirudi kwenye ini au ubongo, haitakuwa tena ugonjwa wa kuponya, na trastuzumab itahitajika wakati huo huo mnaosema tuisubiri, safari hiyo bila idadi ya dozi: hutolewa mpaka iache kufanya kazi, mara nyingi pamoja na dawa nyingine ya bei kubwa zaidi.

Huenda daktari mmoja kwenu akauliza kwa nini isiwe miezi sita. Ni swali la haki. Jaribio la PERSEPHONE la Uingereza, mwaka 2019, lilikuta miezi sita haikuzidiwa kwa kiasi kikubwa na miezi 12: asilimia 89.4 dhidi ya 89.8 wakiwa bila ugonjwa baada ya miaka minne. Ila wengi wa wanawake wale walikuwa na vipokezi vya homoni na tezi za kwapa safi. Huyu ni kinyume chake kwa yote mawili, na ndiyo maana naomba miezi 12. Hata hivyo, kama itawabidi kutoa kibali kwa awamu, toeni dozi 9 za kwanza sasa, tukutane tena kwa zilizobaki tukiwa na eko mbili mpya mkononi. Kukataa zote 18 hakuna jaribio linalokuunga mkono.

Mwisho, naomba rufaa hii isomwe na daktari bingwa wa saratani, na asiwe aliyefanya uamuzi wa kwanza. Nitapokea simu yake siku yoyote baada ya saa nane mchana, kliniki ikiisha. Namba iko kwenye fomu ya awali ya maombi. Mkishikilia uamuzi wenu, naomba sababu za kitabibu kwa maandishi, hoja kwa hoja, kwa kuwa mgonjwa ameshanieleza kwamba atalipeleka suala hili kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima.

Nimeambatanisha ripoti ya biopsi, ripoti ya patholojia ya upasuaji, majibu ya FISH, eko ya moyo, maoni ya daktari wa moyo, mpango wa dozi, bei ya famasi, na ridhaa ya mgonjwa iliyosainiwa ya kuwashirikisha taarifa zake.

Wako katika huduma,

Daktari Bingwa wa Saratani
Kliniki ya Saratani za Titi

Nakala: Mgonjwa; Ofisi ya Bima ya hospitali