Maswali ya Ufuatiliaji kwa Jopo la Usaili: Nafasi ya Mhasibu Mwandamizi, Mwombaji Namba 4

Kwa: Wajumbe wa jopo la usaili
Kutoka: Meneja wa Fedha

Ndugu wajumbe,

Mwombaji Namba 4, ambaye tutamsaili Jumatano saa 4:00 asubuhi, ana wasifu mzito kuliko wenzake wote, lakini ndiye pia ambaye madai yake yameandikwa kwa namna isiyoonyesha sehemu yake mwenyewe katika kazi anazozitaja. Anasema kwamba kati ya 2021 na 2024, akiwa mhasibu wa kampuni ya jumla ya pembejeo na vifaa vya ujenzi jijini Mbeya, aliongoza kuhamisha hesabu kutoka Excel kwenda programu ya uhasibu ya Tally, alipunguza muda wa kukusanya madeni kutoka siku 90 hadi siku 45, aliandaa ritani zote za kodi, na alisimamia usuluhishi wa hesabu za benki. Yote hayo yanawezekana. Inawezekana pia kwamba yalifanyika katika ofisi hiyo huku yeye akiwa meza ya jirani, na maswali yafuatayo yanalenga kutenganisha hali hizo mbili.

Naomba tusimuulize maana ya kitu chochote. Maana husomwa usiku mmoja kabla ya usaili, na mtu aliyeisoma jana huieleza vizuri kuliko aliyefanya kazi kwa miaka mitatu. Tumuulize mambo ambayo hayamo vitabuni: kazi ilikwama wapi, nani alikataa, na kitu gani kilibaki bila kukamilika.

Kuhamia Tally

Nitaanza mimi, kwa sababu hapa ndipo penye dai kubwa zaidi, na majibu yake yatatusaidia katika sehemu inayofuata.

"Mlichagua tarehe gani kuwa ya kuanzia kutumia Tally, na kwa nini mliichagua hiyo?" Aliyeongoza kazi hii aliibishania tarehe hiyo na mtu fulani, kwa kawaida mkurugenzi aliyetaka ianze kesho yake au mtunza stoo ambaye hakuwa tayari kuhesabu mzigo. Tarehe ya mwanzo wa mwaka wa hesabu ni jibu zuri, na mwisho wa mwezi baada ya kuhesabu bidhaa ni jibu zuri vilevile. Jibu linalotia shaka ni lile lisilo na sababu yoyote.

"Siku ya kwanza mlipofungua mizania ndani ya Tally, mliona nini?" Baada ya swali hili tafadhali tunyamaze, hata kama atachukua muda. Masalio ya kufungulia yakiingizwa na upande wa debiti usilingane na wa krediti, Tally yenyewe huweka mstari ulioandikwa `Difference in opening balances`, na ni wahasibu wachache waliowahi kuhamisha hesabu ambao hawajaukodolea macho mstari huo. Akiutaja bila kudokezwa, aendelezwe hivi: "Tofauti hiyo ilitoka wapi, na mliiondoa kwa ingizo gani?" Akisema kwamba kila kitu kililingana mara moja, tusimhukumu papo hapo, kwani huenda walianza na urari safi uliotoka kwa wakaguzi wa nje, aulizwe tu urari huo uliandaliwa na nani na ulikuwa wa tarehe gani.

"Mteja aliyekuwa na ankara sita ambazo hazijalipwa, salio lake mliliingiza kama namba moja au ankara moja moja?" Swali hili lionekane dogo, lakini jibu lake liandikwe neno kwa neno. Tally huweza kufuatilia deni kwa kila ankara iwapo kipengele cha `Maintain balances bill-by-bill` kimewashwa kwenye leja ya mteja na masalio ya zamani yakaingizwa kwa mchanganuo huo. Wengi huingiza jumla moja kwa haraka, na hilo si dhambi. Hata hivyo, aliyeingiza jumla moja hawezi kupata kutoka ndani ya Tally umri halisi wa madeni ya nyuma, na kwa hiyo itambidi atueleze zile siku 90 za mwanzo alizipataje.

Ukibaki muda, aulizwe nondo waliziingiza kwa vipande au kwa tani. Duka la vifaa vya ujenzi huweza kununua nondo kwa tani na kuziuza kwa kipande, na uamuzi wa kipimo huleta ugomvi kati ya uhasibu na stoo ambao aliyekuwapo hausahau.

Siku 90 hadi siku 45

Sehemu hii aiongoze Mkaguzi wa Ndani. Swali la kwanza liwe: "Tuandikie kwenye karatasi hii namna ulivyozipata siku 45, ukianza na namba ulizozitumia." Hatuhitaji takwimu halisi za mwajiri wake wa zamani, atumie za mfano, mradi kanuni iwe ile ile.

Kwa ajili ya wajumbe ambao si wahasibu, kinachotafutwa ni hiki. Tuseme mauzo ya mkopo ya mwaka ni shilingi milioni 730, yaani milioni 2 kwa siku. Wadaiwa wakiwa milioni 180, muda wa kukusanya ni siku 90. Wakishuka hadi milioni 90, muda ni siku 45. Huo ni upunguzaji wa kweli. Lakini kama kampuni inauza pia kwa fedha taslimu, na jumla ya mauzo yote ni milioni 1,460, mtu anaweza kugawa wale wadaiwa wa milioni 180 kwa jumla hiyo, akapata siku 45 bila mteja hata mmoja kulipa shilingi. Kwa hiyo swali la pili ni: "Mauzo uliyogawia yalikuwa ya mkopo peke yake au yote, na je, mwanzo na mwisho ulitumia kigawanyo kile kile?"

Swali la tatu naliona kuwa kali kuliko yote katika waraka huu: "Katika kipindi hicho, ni madeni kiasi gani yalifutwa vitabuni, na nani aliidhinisha?" Kufuta madeni mabovu hushusha wadaiwa kama vile malipo yanavyowashusha. Aliyefanya kazi mwenyewe atajua sehemu iliyotokana na kufuta na sehemu iliyotokana na kukusanya, na mara nyingi ataisema kabla hujamaliza swali. Asiyejua atarudi kwenye maneno ya jumla kuhusu kuwapigia wateja simu. Hapo aulizwe: "Tueleze kuhusu mteja mmoja aliyekataa kulipa, bila kumtaja jina. Mlimfanyia nini, naye aliishia wapi?" Biashara ya pembejeo ina msimu, na wateja wake wengi hulipa baada ya mavuno. Kama hataugusa msimu kabisa katika maelezo yake, nitashangaa, na ningependa tumuulize siku 45 hizo zilipimwa mwezi gani.

Ritani za kodi

Ameandika "ritani zote". Tuchukue mbili tu.

Kwa kodi ya mishahara, apewe karatasi na kikokotoo, na tusimharakishe: "Mfanyakazi wa Tanzania Bara mwaka 2023 alikuwa na mshahara wa shilingi 900,000 kwa mwezi na alichangia NSSF asilimia 10. Alikatwa kodi kiasi gani?" Mchango wa 90,000 hutolewa kwanza, zinabaki 810,000, kodi ni 68,000 jumlisha asilimia 25 ya kinachozidi 760,000, yaani 12,500, na jumla yake ni 80,500. Akikosea ngazi za viwango tumwachie, kwa sababu watu huziangalia kwenye jedwali na hata mimi hufanya hivyo. Kosa la kutilia maanani ni kutoza kodi kwenye 900,000 bila kuondoa NSSF, kwani aliyeandaa mishahara kila mwezi hawezi kulifanya bila wafanyakazi kumjia juu.

Lifuate swali la kumbukumbu: "Ukiwa kazini hapo, kiwango cha tozo ya kuendeleza ufundi stadi kilibadilika. Kilikuwa ngapi, kikawa ngapi, na mshahara wa mwezi gani ulikuwa wa kwanza kutumia kiwango kipya?" Kilishuka kutoka asilimia 4 hadi 3.5 kuanzia Julai 2023. Asipokumbuka tarehe si neno. Asipokumbuka kabisa kwamba kiwango kilibadilika, ni neno.

Kwa Kodi ya Ongezeko la Thamani, biashara ya mwajiri wake ina jambo linalotufaa. Pembejeo kadhaa, viuatilifu vikiwamo, husamehewa kodi hiyo, ilhali saruji na mabati hutozwa asilimia 18. Aulizwe: "Kodi iliyokuwa kwenye ankara ya umeme wa jengo zima mliidai yote, mliidai kiasi, au hamkuidai?" Jibu la kiufundi ni kuigawanya kwa uwiano wa mauzo yanayotozwa kodi. Ila nitalipokea kwa heshima zaidi jibu la mtu anayesema kwamba walikuwa wakiidai yote mpaka wakaguzi walipowakataza, kwa kuwa jibu hilo halitungwi kirahisi.

Usuluhishi wa benki, na cheti

Hapa swali moja linatosha: "Kitu gani kilikuwa kinabaki kwenye orodha ya tofauti mwezi baada ya mwezi?" Kila ofisi ina kitu chake, kama hundi ambayo mpokeaji hakuwahi kuipeleka benki, malipo ya lipa namba yaliyoingia bila jina la mteja, au makato ya benki ambayo hakuna aliyeyaandikia hati. Jibu la kwamba hakukuwa na tofauti yoyote kwa miaka mitatu tuliandike kama lilivyo.

Kuhusu usajili wake wa CPA, tusipoteze muda wa usaili. Ofisi ya Rasilimali Watu itauthibitisha kwa bodi ya wahasibu, NBAA.

Namna ya kuuliza

Akisema "tulifanya", aulizwe kwa upole: "Katika kazi hiyo, wewe ulikuwa umeshika nini, na mwenzako alishika nini?" Akikiri kwamba sehemu fulani ilifanywa na mwingine, apewe alama za sehemu yake bila kupunguziwa kwa ukweli huo, ingawa hapo neno "niliongoza" litakuwa limepungua uzito na fomu ionyeshe hivyo. Akikataa kutaja majina ya wateja au takwimu za mwajiri wake wa zamani, hilo lihesabiwe upande wake mzuri, nasi tusimsukume. Mwajiri wake wa sasa asipigiwe simu na mjumbe yeyote kabla mwombaji hajaridhia kwa maandishi.

Tusimkatize, na tusimsaidie. Nina hofu zaidi na hilo la pili, kwa sababu katika usaili uliopita sisi wenyewe tulimalizia majibu ya waombaji wawili kwa kutikisa vichwa na kusema "ndiyo, ndiyo". Kila mjumbe ajaze fomu yake kwa muda wa dakika 10 mara mwombaji anapotoka, kabla hatujasema lolote, na fomu akabidhiwe katibu wa jopo kabla ya mwombaji anayefuata kuitwa.