Eneo lililotiwa kivuli kati ya mraba na duara lililochorwa ndani yake: swali na njia yake yote

Swali

Mraba ABCD una mzingo wa sm 56. Ndani yake limechorwa duara lenye kitovu O, ambalo linagusa pande zote nne za mraba. Sehemu iliyo ndani ya mraba lakini nje ya duara imetiwa kivuli. Tumia π = 22/7.

(a) Tafuta nusu kipenyo cha duara.
(b) Tafuta eneo la sehemu iliyotiwa kivuli.
(c) Fundi bati alikata kipande cha duara cha kutengenezea kitako cha ndoo kutoka kwenye bati lenye umbo na vipimo vya mraba huo. Ni asilimia ngapi ya bati iliyobaki?

Njia

Kabla ya kuandika tarakimu yoyote, chora mchoro wako mwenyewe, hata kama karatasi ya mtihani imekwisha kukupa mmoja. Chora mraba, kisha duara, halafu piga mstari kutoka upande wa kushoto hadi upande wa kulia, upite katika kitovu O na uwe sambamba na upande wa chini. Mstari huo una sifa mbili kwa wakati mmoja: ni kipenyo cha duara kwa kuwa unapita kitovuni na kuishia pande zote mbili kwenye duara, na urefu wake ni sawa na upande wa mraba kwa kuwa duara linagusa pande za mraba pale pale mstari unapoishia. Swali zima limejengwa juu ya jambo hili, na mwanafunzi aliyeliona hana tena kigumu kilichobaki isipokuwa hesabu.

(a) Pande nne za mraba zinalingana, kwa hiyo:

Mzingo = 4 × upande
56 = 4 × upande
Upande = 56 ÷ 4 = sm 14

Kipenyo cha duara = upande wa mraba = sm 14
Nusu kipenyo = 14 ÷ 2 = sm 7

Jibu la (a): nusu kipenyo ni sm 7.

(b) Sehemu iliyotiwa kivuli ni vipande vinne vilivyo kwenye pembe za mraba, kila kimoja kikiwa na pande mbili zilizonyooka na mmoja uliopinda. Hakuna kanuni ya moja kwa moja ya umbo la namna hiyo, na haihitajiki, kwa sababu tukiuchukua mraba mzima na kuliondoa duara, kinachobaki ni vipande hivyo vinne na si kitu kingine.

Eneo lililotiwa kivuli = eneo la mraba − eneo la duara

Eneo la mraba = upande × upande
= 14 × 14
= sm² 196

Eneo la duara = π × r × r
= 22/7 × 7 × 7
= 22 × 7
= sm² 154

Eneo lililotiwa kivuli = 196 − 154 = sm² 42

Jibu la (b): eneo la sehemu iliyotiwa kivuli ni sm² 42.

Hapo kwenye eneo la duara, 7 ya asili imekatana na 7 moja ya nusu kipenyo, ndiyo maana hatukuzidisha 22 × 49 na kisha kugawanya kwa 7. Watungaji wa maswali wanapenda vipimo kama 7, 14, 21 na 28 kwa sababu hiyo hiyo, yaani hesabu ikatike bila kuacha desimali.

Jibu hili linaweza kuhakikiwa kwa njia nyingine ambayo haichukui hata dakika mbili. Gawanya mraba katika miraba midogo minne inayokutana kwenye kitovu O. Kila mmoja una upande wa sm 7 na eneo la sm² 49. Ndani ya kila mraba mdogo kuna robo ya duara, ambayo eneo lake ni 154 ÷ 4 = sm² 38.5. Kipande kimoja cha pembeni kwa hiyo ni 49 − 38.5 = sm² 10.5, na vipande vinne ni 4 × 10.5 = sm² 42, sawasawa na tulivyopata mwanzo.

Kosa linaloharibu swali hili mara nyingi kuliko mengine ni kuiingiza 14 kwenye kanuni kana kwamba ndiyo nusu kipenyo. Ukifanya hivyo utapata 22/7 × 14 × 14 = 616, duara kubwa kuliko mraba uliolizunguka, jambo lisilowezekana. Mwanafunzi makini husimama hapo na kurudi nyuma; asiye makini hugeuza utoaji, akaandika 616 − 196 = 420, na katika maswali ya kuchagua ni kawaida kuikuta namba kama hiyo imewekwa miongoni mwa majibu ili kumnasa. Kosa jingine ni kutumia kanuni ya mzingo wa duara, 2 × π × r, ambayo hutoa 44, kisha kuitoa kwenye 196 na kupata 152. Mtu huyo ametoa sentimeta kwenye sentimeta za mraba, na angeandika vizio katika kila mstari angeliona kosa hilo mwenyewe.

(c) Bati lililobaki ni vipande vile vile vya pembeni tulivyovitafuta katika (b).

Asilimia iliyobaki = 42/196 × 100
= 3/14 × 100
= 300/14
= 21 3/7

Jibu la (c): asilimia 21 3/7 ya bati ilibaki, ambayo ni karibu 21.4%.

Sehemu 3/14 inastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu haitokani na sm 14 za swali hili pekee. Kwa mraba wowote wenye upande a, nusu kipenyo cha duara lililo ndani yake ni a/2, na eneo la duara ni 22/7 × a/2 × a/2 = 11/14 × a². Duara linachukua sehemu 11 kati ya 14 za mraba, na kivuli kinabaki na sehemu 3, mraba uwe wa ukubwa wowote. Uwiano huu wa 11 kwa 14 ni wa kale: umo katika maandishi ya Arkimede wa Sirakusa kuhusu upimaji wa duara, ya karne ya 3 kabla ya Kristo, ambamo pia alithibitisha kwamba π ni ndogo kidogo kuliko 22/7. Kwa sababu ya tofauti hiyo ndogo, anayetumia 3.14 hupata kivuli cha sm² 42.14 badala ya 42. Basi tumia thamani ya π uliyopewa na swali.

Uwiano huo unafaa zaidi pale swali linapogeuzwa. Tuseme tumepewa kwamba eneo lililotiwa kivuli ni sm² 168 na tunatakiwa kutafuta upande wa mraba:

3/14 × a² = 168
a² = 168 × 14/3
a² = 56 × 14
a² = 784
a = √784 = 28

Upande wa mraba ni sm 28. Uhakiki: 28 × 28 = 784; 22/7 × 14 × 14 = 616; 784 − 616 = 168.