Ombi kwa Wageni Wetu Kuhusu Picha za Ibada ya Ndoa

Nairobi, Jumatatu asubuhi

Wapendwa wazazi wetu, ndugu, jamaa na marafiki,

Tunawashukuru kwa kutusindikiza siku ya Jumamosi, hasa nyinyi mliosafiri usiku kucha kutoka Mombasa na Kisii mkafika kanisani kabla yetu.

Tunaomba picha na video za ibada, kuanzia bi harusi alipoingia kanisani hadi tulipotia sahihi cheti cha ndoa, zisiwekwe Facebook, Instagram, TikTok wala kwenye stetasi ya WhatsApp, na aliyekwisha kuziweka aziondoe leo. Picha za karamu kule Lang'ata hazimo katika ombi hili, ila zile zinazoonyesha nyuso za watoto.

Inayotutia wasiwasi zaidi ni picha iliyopigwa karibu na meza ya kutilia sahihi. Inaonyesha mkono wa bwana harusi ukiwa na kalamu, na kando ya cheti vimelala vitambulisho vyetu na vya mashahidi wetu wawili. Ukiikuza kidogo, unasoma majina kamili, nambari na tarehe za kuzaliwa, taarifa ambazo mlaghai akizipata anaweza kujaribu kuchukua mkopo au kusajili laini ya simu kwa jina la mtu mwingine. Picha hiyo tunaomba ifutwe kabisa, hata simuni mwako.

Nyingine ni ya Mama akilia wakati wa sala ya kumkumbuka marehemu Baba. Alilia mbele yenu kwa sababu nyinyi ni watu wake, na imemuumiza sana kupigiwa simu na watu ambao hawakuwapo wakimuuliza alikuwa na nini. Wazazi wa mabinti wawili waliotutangulia na maua nao hawakuombwa ruhusa, na tunaona ni haki yao kuamua sura za wanao zionekane wapi.

Aliyetuma picha kwenye kundi la WhatsApp tafadhali aifute kwa wote, si kwake peke yake. Nafasi hiyo hudumu siku mbili hivi baada ya kutuma, ndiyo maana hatukutaka kungoja hadi kesho. Stetasi hutoweka baada ya saa 24, lakini aliyeiona huenda amekwisha kuihifadhi. Kwa hiyo ukikumbuka uliyemtumia, mfikishie ombi hili. Picha nyingine za ibada ulizopiga mwenyewe unaweza kubaki nazo kwa kumbukumbu yako.

Tangazo hili lilistahili kusomwa kabla ya ibada kuanza. Kosa hilo ni letu, na tunawaomba radhi nyote mliosambaza picha kwa furaha na nia njema. Mpiga picha wetu akimaliza kazi, tutaziletea familia zote picha zilizochapishwa, na Mama atachagua mwenyewe zake zitakazotolewa.

Mwenye swali amwone katibu wa kamati ya harusi.

Sisi wenu,
Mwende na Baraka