Chuma, Mbao na Baridi ya Julai: Upitishaji wa Joto kwa Maelezo Mepesi

Asubuhi ya mwezi wa Julai jijini Nairobi, abiria anayepanda matatu hushika chuma cha mlangoni na kuona baridi ikimpenya hadi mfupani, kisha huketi kwenye kiti cha kitambaa na asione lolote. Wengi watasema kwamba chuma kile kina baridi kuliko kiti, na hapo ndipo kosa linapoanzia. Vitu vilivyokaa usiku kucha mahali pamoja, chini ya paa moja, bila jua wala moto, huishia kuwa na halijoto sawa na ya hewa iliyovizunguka, na kipimajoto kikiwekwa juu ya chuma na juu ya kitambaa kitasoma karibu namba ile ile.

Kinachotofautiana ni kasi ambayo joto huutoka mkono. Mishipa ya fahamu iliyo ngozini haina njia ya kujua halijoto ya kitu kilichoguswa. Hutambua halijoto ya ngozi yenyewe na namna inavyobadilika. Ngozi ikipoozwa ghafla, ubongo huambiwa kwamba kuna baridi, hata kama kitu kilichoguswa kina halijoto sawa na kingine ambacho hakikutushtua.

Uwezo wa kitu kupitisha joto ndani yake hupimwa hivi: chukua bamba lenye unene wa mita moja na eneo la mita moja ya mraba, upande mmoja uwe na joto kuliko wa pili kwa nyuzi moja tu, kisha uhesabu ni wati ngapi za joto zinazovuka. Kwa shaba jibu ni karibu 400, kwa alumini safi karibu 237, na kwa chuma cha kawaida cha ujenzi karibu 50. Zege na kioo huwa karibu na 1, maji ni 0.6, mbao nyingi ni kati ya 0.1 na 0.2, na hewa iliyotulia ni 0.026 tu. Metali huongoza kwa sababu zina elektroni zisizofungwa kwenye atomu moja, ambazo huzunguka na kusambaza nishati upesi. Katika mbao, joto hupita kwa mitetemo inayopokezanwa kati ya molekuli, tena katikati ya vinyweleo vilivyojaa hewa. (Almasi haina elektroni huru, lakini huishinda shaba mara kadhaa, kwa kuwa atomu zake zimeshikamana kwa nguvu na kwa mpangilio ulionyooka.)

Hata hivyo, upitishaji peke yake hautoshi kueleza tunachokihisi. Uzito wa kitu kwa ujazo wake, pamoja na kiasi cha joto kinachohitajika kukipasha, navyo vina sehemu yao, kwa kuwa kitu kinachomeza joto jingi bila kupata moto huendelea kuupooza mkono. Tuchukue ngozi yenye nyuzi 33 za Selsiasi inayogusa vitu vinene vyenye nyuzi 15. Tukijumlisha sifa hizo zote tatu katika hesabu, mahali ngozi inapokutana na chuma patashuka mara moja hadi nyuzi 16 hivi, ilhali inapokutana na ubao patabaki karibu na 28. Ndiyo maana sakafu ya vigae humfanya mtu aruke anapotoka kitandani, na zulia lililotandikwa juu ya vigae hivyo hivyo halimsumbui.

Anayetilia shaka maelezo haya na aweke kipande cha barafu juu ya sufuria ya alumini iliyofunikwa kifudifudi, na kingine cha ukubwa huo huo juu ya ubao wa kukatia mboga. Kile cha kwenye sufuria, yaani juu ya kitu kinachoonekana kuwa na baridi zaidi, kitayeyuka mapema zaidi, kwa kuwa alumini hukipelekea joto la chumba kwa kasi.

Mambo hugeuka kitu kinapokuwa na joto kuliko mkono. Mwiko wa mbao unaosongea ugali hushikika bila kitambaa, ilhali kijiko cha alumini kilichosahauliwa ndani ya sufuria ile ile huchoma hadi mwisho wa mpini. Jiko la makaa lenye udongo uliochomwa ndani ya ganda la bati hufuata kanuni hiyo hiyo: udongo huzuia joto lisikimbilie kwenye bati, na makaa hutumika kidogo. Sweta nayo haizalishi joto hata chembe. Nyuzi zake hushikilia hewa isitembee, na hewa iliyotulia ni kihami kizuri.

Kuna hali moja ambapo mkono husema kweli. Paa la mabati, katika usiku usio na mawingu, hupoteza joto kwa mnururisho, yaani kwa miale isiyoonekana inayoelekea angani, na linaweza kushuka chini ya halijoto ya hewa, kiasi cha kudondosha umande alfajiri. Hapo bati lina baridi kweli, na kipimajoto kitakubaliana na vidole.