Usajili wa masomo ya ziada ya Muhula wa 2 umefunguliwa: Gredi 4 hadi Kidato cha 4, Shabab, Nakuru

Mzazi, kabla hujaangalia karo, fungua daftari la hisabati la mwanao. Ukiona ameandika 1/2 + 1/3 = 2/5, yaani kajumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili, basi hata akiwa Gredi 8 shida yake haiko Gredi 8. Ilianza nyuma, na hapo nyuma ndipo tunapoanza naye. Ndiyo maana darasa letu halizidi watoto 12: mwalimu lazima afike kwenye kila daftari.

Tunaanza Jumamosi tarehe 2 Mei 2026 na kumaliza Jumamosi tarehe 25 Julai. Tarehe 27 Juni tumefunga, watoto wako mapumziko ya katikati ya muhula. Hiyo inakupa Jumamosi 12. Wakati wa likizo hatufundishi, na tafadhali usituombe: Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imekataza masomo ya ziada ya likizo, na hata isingekataza, mtoto anahitaji kupumzika.

KARO YA MUHULA MZIMA

Gredi 4, 5 na 6: Sh 4,200. Jumamosi saa 2:00 hadi saa 5:30 asubuhi. Hisabati, Kiingereza, Kiswahili na sayansi.

Gredi 7 na 8: Sh 5,400. Jumamosi saa 2:00 asubuhi hadi saa 6:30 mchana. Wazazi wengi hungoja Gredi 9 ndipo waanze kuhangaika. Kumbuka alama za kuingia Sekondari Pevu hazitoki kwenye mtihani mmoja: KJSEA ni asilimia 60, KPSEA ya Gredi 6 ni asilimia 20, na tathmini za shuleni za Gredi 7 na 8 ni asilimia 20 zilizobaki. Kwa hivyo mtoto wa Gredi 7 tayari anakusanya alama.

Gredi 9: Sh 7,800. Jumamosi kama Gredi 7 na 8, pamoja na Alhamisi saa 11:00 hadi saa 12:30 jioni. Hapa tuna makundi mawili pekee, yaani nafasi 24.

Gredi 10: Sh 7,200. Jumamosi saa 8:00 mchana hadi saa 11:30 jioni. Hisabati, fizikia, kemia na biolojia. Hili ni kundi la kwanza kabisa la Gredi 10 nchini na maswali ni mengi, ya wazazi pia. Njoo tuzungumze.

Kidato cha 3 na cha 4: Sh 8,400, wanafunzi wa kutwa tu. Jumamosi saa 8:00 mchana hadi saa 12:00 jioni. Kidato cha 3 wa sasa ndio wa mwisho wa 8-4-4, KCSE yao ni 2027, na hakuna darasa nyuma yao la kurudia nalo.

Gredi 1 hadi 3 hatuwachukui. Mtoto wa miaka saba Jumamosi acheze.

Usajili ni Sh 500, mara moja tu, hata akiendelea mihula ijayo. Karatasi za mazoezi ziko ndani ya karo, hakuna pesa ya pembeni utakayoitishwa katikati ya muhula. Unaweza kulipa nusu kabla ya tarehe 2 Mei na nusu kufikia tarehe 20 Juni. Mtoto wa pili wa nyumba moja anapunguziwa robo ya karo yake, kwa hivyo wa Gredi 5 atalipa Sh 3,150. Tunapokea M-Pesa pekee, kwa nambari iliyo kwenye picha. Usimpe mwalimu pesa mkononi, hata akikuomba kwa upole.

Siku ya kujisajili ni Jumamosi tarehe 25 Aprili, saa 3:00 asubuhi hadi saa 8:00 mchana. Njoo na mtoto, ripoti ya Muhula wa 1, na daftari lake la hisabati jinsi lilivyo, hata kama limechanika. Tutaketi naye nusu saa, kisha tukuambie wazi anapokwama. Tukiona hahitaji masomo ya ziada tutakuambia pia, na hutalipa chochote.

Hatuahidi A wala nafasi katika shule fulani. Tunachokuahidi ni ujumbe kila baada ya Jumamosi mbili, unaosema mtoto ameshika nini na bado nini.

Tuko orofa ya kwanza, juu ya duka la vitabu. Walio Kaptembwo na Rhonda wanaweza kuja kwa miguu. Wa Lanet na Pipeline, shukeni mjini mpande matatu ya Shabab. Kuwekewa nafasi mapema, tuandikie inboksi jina la mtoto na gredi yake.