Mazoezi: milinganyo tofautishi ya mstari, daraja la kwanza

Umbo la kawaida ni y′ + P(x)y = Q(x). Kizidishi ni μ = e^(∫P dx); ukishazidisha, upande wa kushoto unakuwa (μy)′. Funika majibu kwa karatasi kwanza.

Rahisi

1. y′ = 3y, y(0) = 2.
2. y′ + 2y = 6.

Wastani

3. xy′ + y = 4x, x > 0, y(1) = 5. (Usikimbilie kizidishi. Tazama kushoto vizuri.)

Ngumu

4. Simtanki la lita 2000 lina lita 1000 za maji safi. Maji yenye gramu 5 za chumvi kwa lita yanaingia lita 20 kwa dakika. Mchanganyiko unatoka lita 10 kwa dakika. Tangi likijaa, kuna chumvi kiasi gani?

5. y′ = 1/(x + y). Si wa mstari kwa y, lakini nani kasema y lazima iwe juu?

Majibu

1. y = 2e^(3x).

2. y = 3 + Ce^(−2x).

3. Kushoto tayari ni (xy)′, hivyo xy = 2x² + C; y = 2x + 3/x.

4. Hapa Q ni gramu za chumvi baada ya dakika t. Ujazo ni 1000 + 10t, kwa hiyo:
Q′ + Q/(100 + t) = 100, μ = 100 + t
(100 + t)Q = 10000t + 50t²
Linajaa t = 100: Q = 1500000/200 = gramu 7500. Wengi hukosea hapa kwa kuacha ujazo ubaki 1000.

5. Geuza: dx/dy − x = y, μ = e^(−y); x = Ce^y − y − 1.