Rimoti tatu za TV: Baba Mkubwa na Mama Mkubwa, someni hapa kabla ya kubonyeza

Shikamooni Baba Mkubwa na Mama Mkubwa. Karibuni sana, na poleni na safari ya kutoka Muheza. Mimi nimeondoka alfajiri kwenda Morogoro kikazi, nitarudi Jumapili jioni. Ufunguo mmeshapewa, samaki wa kukaanga na mchuzi wa maharage vipo kwenye friji, imebaki hii televisheni. Mara ya mwisho mlipokuja, Baba Mkubwa alikosa taarifa ya habari siku mbili mfululizo akaona haya kuuliza. Nimekuja kuambiwa mwezi mzima baadaye! Safari hii nimeandika.

Rimoti ni tatu kwa sababu vyombo ni vitatu. TV yenyewe inaonyesha picha tu. King'amuzi, kile kisanduku cheusi chini yake, ndicho kinacholeta chaneli kutoka kwenye dishi. Sabufa, lile boksi la pembeni na spika zake mbili, ndiyo inayotoa sauti. Kila kimoja kinasikia rimoti yake tu. Ya mwenzie hakiisikii hata mbonyeze mpaka kidole kiume. Nimezitia alama ili msihangaike kuzifananisha.

YENYE MPIRA MWEKUNDU ni ya TV. Ndiyo ndefu kuliko zote. (Mpira huo pia ndio umeshika betri, kifuniko kilishapotea, kwa hiyo msiuvue.) Kazi yake kwenu ni moja tu: kile kitufe chekundu cha juu, kuwasha na kuzima. Mkishawasha, irudisheni juu ya kabati ikae huko. Nasisitiza hili kwa kuwa vurugu zote za sebule hii zinaanzia hapo. Mtu anataka kubadilisha chaneli, anashika hii kwa sababu ndiyo kubwa, anabonyeza namba, basi TV inaachana na king'amuzi na kwenda kutafuta chaneli kwenye antena ambayo sisi hatuna. Picha inapotea, watu wanaanza kulaumiana.

Ikitokea hivyo hakuna kilichoharibika. Kwenye rimoti hiyohiyo bonyezeni SOURCE, orodha itatokea kwenye kioo. Teremkeni kwa mshale hadi HDMI 1, kisha bonyezeni OK. Ile HDMI 2 ni ya kompyuta yangu, nimesafiri nayo, hamtaona kitu huko. Sauti ya TV nimeishusha hadi 0 kwa makusudi. Mkiipandisha mtamsikia msoma habari akijirudia, maneno yake ya pili yakikimbiza ya kwanza.

YENYE PLASTA NYEUPE ni ya king'amuzi, na hii ndiyo ya kukaa nayo mkononi. Ni ileile plasta ya vidonda, nimeandika CHANELI kwa kalamu. Kubadilisha chaneli ni hapa, kupandisha na kushusha sauti ni hapa. Msipate taabu ya kukariri namba: bonyezeni FAV, mtaona chaneli tano tu nilizowachagulia. TBC1 nimeiweka ya kwanza kwa ajili ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Ya Mama Mkubwa ya tamthilia inafuata, halafu mbili za mpira, na ya mwisho ni katuni za mjukuu wenu. Mgongano wa habari na tamthilia mtaumaliza wenyewe, mimi simo.

Mkiwasha TV ikaandika No Signal, mara nyingi ni king'amuzi kimelala. Kitazameni: taa nyekundu ni usingizi, taa ya kijani kiko macho. Kiamsheni kwa kitufe chekundu cha rimoti ya plasta, siyo ile ya mpira, kisha mkipe muda, huwa kinachukua kama dakika moja kujiandaa. Mvua kubwa ikinyesha picha inaweza kukatika vipande au kupotea kabisa, kwa kuwa mawingu mazito na maji yanadhoofisha mawimbi yanayotoka kwenye setilaiti. Subirini ipite. Msiguse nyaya, na tafadhali mjukuu asipandishwe juu ya paa kulizungusha dishi kama alivyofanya baba yake zamani. Malipo ya mwezi huu nimeshalipa, mtu akipiga simu akidai hela ya king'amuzi mkatieni.

Mjukuu akiingia kwenye MENU na maandishi yakajaa kioo, bonyezeni EXIT mara mbili tatu. Na wakati wowote mkiona maneno Factory Reset, jibu ni hapana. Hiyo inafuta kila kitu nilichopanga.

Rimoti ikionekana haifanyi kazi, angalieni kwanza kama kuna kitu kimesimama mbele ya king'amuzi. Jicho lake liko upande wa kulia, na lile ua la plastiki la Mama Mdogo hupenda kulikinga. Kama hakuna kitu, jaribuni hivi: washeni kamera ya simu, elekezeni ncha ya rimoti kwenye kamera, bonyezeni kitufe chochote. Mkiona kitaa kinawaka kwenye kioo cha simu, rimoti ni nzima. Simu nyingine kamera ya nyuma haikioni, jaribuni ya mbele. Kisipowaka kabisa, betri zimekwisha. Zipo mpya mbili kwenye droo, kwenye kopo la majani ya chai. Za saa ya ukutani msizitoe, zile ni nene, haziingii.

YENYE UZI WA BULUU ni ya sabufa, nyembamba mfano wa kadi ya benki. Nimeifunga kwenye mguu wa meza kwa sababu kochi limeshaimeza mara tatu. Hamtaihitaji kila wakati, ila umeme ukikatika ukarudi, au mkiiwasha tena kwa swichi ya ukutani, mtaihitaji. Gadi ya umeme itawasha taa ya njano dakika chache kabla ya kupitisha umeme, msiiguse. Kisha sabufa itaamka na sauti ya mwanamke itasema Kiingereza, "Bluetooth mode". Hapo picha itakuwepo lakini kimya. Bonyezeni MODE taratibu, mara moja moja, mpaka kidirisha cha sabufa kiandike AUX. Sauti itarudi. Mkizidisha mtaangukia redio, endeleeni kubonyeza tu, inazunguka na kurudi.

Kwenye rimoti hii kuna pia BASS. Mjukuu anaipenda. Jirani wa ukuta huu ana kichanga cha wiki tatu, kwa hiyo ikifika saa tatu usiku ishusheni hadi 0, sauti ya kawaida mtaendelea kuisikia vizuri.

Mkienda kulala zimeni kwa mpangilio wowote, TV na king'amuzi kila kimoja kwa rimoti yake, sabufa kwa swichi ya ukutani. Mkisahau kimoja si kitu, LUKU nimeongeza.

Baba Mkubwa, ukikwama usinyamaze tena. Nipigie, hata kama ni saa mbili kasoro dakika moja. Nitakuelekeza kitufe kwa kitufe.

Mwanenu